Mchanganuo wa vizimba vya sato: maswali ya wanaotaka kuweka pesa

Nimeletewa mchanganuo wa vizimba vinne pwani ya Ilemela, kurasa 38. Faida milioni 203 kwa mwaka. Nianze kusoma wapi? (Msomaji, Pasiansi)

Ruka historia ya kampuni, ruka picha za ziwa, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la kizimba kimoja kwa mzunguko mmoja. Kurasa nyingine 37 zimejengwa juu ya jedwali hilo. Kwenye mchanganuo uliotutumia linasema hivi: vifaranga 10,000 vinaingia, asilimia 95 wanapona, kila mmoja anavunwa na nusu kilo, kilo moja ya samaki inakula kilo 1.2 za chakula, na sato anauzwa shilingi 10,000 kwa kilo. Hiyo ni kilo 4,750 na mapato ya milioni 47.5. Chakula ni kilo 5,700 kwa shilingi 3,000, yaani milioni 17.1. Weka vifaranga milioni 2 na gharama nyingine milioni 3, inabaki faida ya milioni 25.4 kwa kizimba. Zidisha kwa vizimba vinne na mizunguko miwili, ndiyo 203 yako.

Sasa gawa gharama yote, milioni 22.1, kwa kilo 4,750. Unapata shilingi 4,650 na ushee, gharama ya kutoa kilo moja majini. Iandike pembeni kwa kalamu. Kila swali utakalouliza baada ya hapo lina kazi moja tu, kuona namba hiyo inaishia wapi.

Hao asilimia 95 na nusu kilo ni kweli? Na mbona wenzangu wanasema miezi sita haitoshi? (Msomaji, Buzuruga)

Kupona kwa asilimia 95 hutokea, lakini si namba ya kupangia pesa. Vifaranga wengi hufa wiki mbili za kwanza, kwa joto na msongamano wa safari na kwa kushikwashikwa wakati wa kupandikizwa. Wengine hutoka pale fisi maji au kenge anapotoboa wavu, wengine huvuliwa usiku na watu. Mwekezaji makini anapiga hesabu kwa 75, na anayetaka zaidi amletee daftari.

Daftari lenyewe liangalie kwa karibu. La kweli lina idadi ya waliokufa kila siku, lina siku za sifuri na siku ya vifo 43, lina kalamu tofauti na kurasa zilizovimba kwa maji. Ukikuta miezi sita imeandikwa kwa wino mmoja, na namba zote zinaishia na sifuri, hilo limeandikwa juzi kwa ajili yako.

Kuhusu muda, uliza kifaranga ana gramu ngapi siku ya kupandikizwa. Wa gramu 2 kwenye maji ya ziwa letu, ambayo juu huwa kama nyuzi 24 hadi 27, anahitaji miezi saba au nane kufika gramu 400. Wa gramu 20 hufika mapema, ila bei yake ni nyingine, na mara nyingi mchanganuo hutumia bei ya mdogo na muda wa mkubwa. Uliza pia kama ni madume watupu. Kwenye kizimba mayai hupenya wavu na kuzama, kwa hiyo kuzaliana si tatizo kubwa kama bwawani, lakini majike hukua polepole na utavuna samaki wa saizi mchanganyiko. Ukiongeza wiki za kuvuna, kusafisha nyavu na kungoja vifaranga vingine, mizunguko miwili kwa mwaka inageuka mitatu kwa miaka miwili.

Wameweka FCR ya 1.2 na wakanionyesha karatasi ya kiwanda cha chakula. Si ushahidi huo? (Msomaji, Igoma)

Ni ushahidi wa samaki wa kiwanda. FCR ni kilo za chakula kwa kila kilo ya samaki anayoongeza, na kiwandani hupimwa pasipo mawimbi wala mlishaji mwenye haraka. Ziwani upepo wa mchana husukuma punje zinazoelea nje ya wavu. Mlishaji anamwaga ndoo nzima mahali pamoja, wanaokula ni wale wakubwa waliotangulia. Tena samaki akifa mwezi wa sita amekula chakula cha miezi sita na hatokei kwenye mzani.

Usibishane juu ya namba, ihesabu. Omba risiti zote za chakula za mzunguko uliopita, jumlisha kilo, ugawe kwa kilo zilizouzwa. Risiti za EFD unaweza kuzihakiki mwenyewe kwenye verify.tra.go.tz kwa kuingiza namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti. Wengi wakifanya hesabu hii kwa uaminifu hufika 1.6 au 1.7. Kama ni mara ya kwanza kufuga na hakuna risiti, tumia 1.7.

Mchanganuo una ukurasa wa "hatari", unaonyesha hata bei ikishuka bado kuna faida kubwa. Unatosha? (Msomaji, Nyegezi)

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Ukurasa huo hubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vyote vizuri. Tuufuate kwenye kizimba kile kile. Bei ikishuka peke yake hadi 7,500, faida ni milioni 13.5. Wakipona asilimia 75 tu, ni 19. FCR ikiwa 1.7, ni 18.3. Samaki akivunwa na gramu 400, ni 19.3. Kila mstari unapendeza.

Lakini mambo haya huja pamoja, maana chanzo ni kimoja. Maji yakichafuka samaki wanakula vibaya, wanakua polepole, wanakufa, na waliobaki ni wadogo, na mdogo ana bei yake. Weka yote manne kwa pamoja: samaki 7,500 wa gramu 400 ni kilo 3,000. Chakula kilo 5,100, milioni 15.3. Gharama jumla milioni 20.3, mapato milioni 22.5. Faida milioni 2.2, kabla ya riba na kabla ya kuweka akiba ya kubadilisha nyavu. Gharama ya kilo moja imepanda hadi kama 6,770. Vizimba vinne, mzunguko mmoja na nusu kwa mwaka, ni milioni 13. Biashara haijafa, ila siyo ile ya milioni 203, na hisa zake haziwezi kuwa na bei ile ile.

Kuhusu hiyo 10,000, nenda Mwaloni Kirumba alfajiri na uulize bei tatu: ya sato wa gramu 500, wa 300, na ile ambayo mchuuzi anamlipa mfugaji, siyo ile anayomuuzia mama ntilie. Uliza pia kama ni mzima au ametolewa utumbo na magamba, kwa sababu akisafishwa uzito hupungua kwa sehemu ya kumi au zaidi, na mchanganuo uliouza kilo za mzima kwa bei ya aliyesafishwa umejiongezea pesa ambazo hazipo.

Faida ipo kwenye karatasi, lakini jirani yangu aliishiwa pesa mwezi wa tano na kuvuna samaki wadogo. Ilikuwaje? (Msomaji, Kisesa)

Chakula kiligawanywa sawa kwa kila mwezi. Kwenye mchanganuo tunaousoma hapa, milioni 17.1 kwa miezi 6 ni milioni 2.85 kwa kizimba kila mwezi. Samaki hali hivyo. Mwezi wa kwanza kizimba kizima kinakula mifuko michache. Mwishoni, ukiwa na kilo 3,000 majini na unalisha asilimia 2 ya uzito kwa siku, ni kilo 60 kila siku, kilo 1,800 kwa mwezi, milioni 5.4. Kwa vizimba vinne ni milioni 21.6 kwa mwezi, wakati bajeti ilitenga 11.4, na hujauza hata samaki mmoja.

Akipunguza chakula, samaki wanadumaa. Akiwahi kuvuna, anauza gramu 250 kwa bei ya gramu 250. Kwa hiyo dai jedwali la pesa la mwezi kwa mwezi, utafute mwezi ambao salio liko chini kabisa, na hakikisha mtaji unaufikia huo na kupita.

Wana barua za hoteli tatu kwamba zitanunua. Nihesabu kama soko? (Msomaji, Nyakato)

Barua inayosema "tutafurahi kushirikiana" ni heshima tu. Soko lina kilo ngapi kwa wiki, saizi gani, bei au namna ya kuipanga, na malipo baada ya siku ngapi. Piga simu hotelini kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uombe kuongea na mnunuzi wa jikoni, umuulize wiki iliyopita alinunua sato kilo ngapi. Kama hoteli tatu kwa pamoja zinachukua kilo 150 kwa wiki, kizimba kimoja cha kilo 3,000 ni chakula chao cha wiki 20. Na hoteli ikilipa baada ya siku 60, rudi kwenye jedwali la pesa na usogeze mapato miezi miwili mbele.

Wanasema vibali vyote vipo na eneo lao halijawahi kupata vifo vya ghafla. (Msomaji, Nansio)

Kuhakiki vibali ni kazi ya siku mbili mjini Mwanza: cheti cha mazingira cha NEMC, kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, na leseni ya ufugaji. Linganisha jina na eneo kwenye kila karatasi, kwa sababu kibali cha mtu binafsi hakiilindi kampuni. BRELA utaona wanahisa na kama mali imeshawekwa dhamana kwingine.

Vifo ni jambo zito zaidi. Maji ya chini ya ziwa yana oksijeni ndogo, na upepo ukibadilika huweza kupanda juu na kuua kizimba kizima usiku mmoja. "Halijawahi" ina maana gani kama wamekaa hapo miezi minne? Uliza wavuvi wa mwalo huo, wao wanajua asubuhi ambazo samaki walielea. Kisha omba vipimo vya oksijeni vya kabla ya jua kuchomoza, saa ambayo huwa chini kabisa, juu na chini ya wavu. Unataka miligramu 5 kwa lita au zaidi. Ikishuka chini ya 3 samaki hupunguza kula. Vipimo vya saa sita mchana pekee havisemi kitu. Pima pia kina kwa kamba na jiwe: kama wavu wa mita 3 uko kwenye maji ya mita 4, kinyesi na mabaki vinalundikana mita moja tu chini ya samaki.

Mwenye mradi ni mtoto wa shemeji yangu. Nikianza kudai risiti na madaftari si nitaonekana simwamini? (Msomaji, Mkolani)

Mwambie mapema, kabla ya kuona chochote: "Baba, haya naomba kwa kila mtu." Kisha msiandikiane pesa yote kwa mkupuo. Anza na kizimba kimoja. Chakula mlipe muuzaji moja kwa moja, na kila mwezi, kabla ya mzigo mwingine, wavuliwe samaki 100 mbele yako, wapimwe, uzito wa wastani uandikwe na wote wawili mtie sahihi. Uzito ukiwa chini ya ulioandikwa kwenye mchanganuo miezi miwili mfululizo, malipo yanasimama mkae mzungumze. Yaandikeni hayo kwenye mkataba, na shemeji awe shahidi.