Kuota mwanamke usiyemjua: jinsi nilivyomsoma wangu

"Wakuu, hii ni mara ya tatu naota mwanamke nisiyemjua kabisa. Ananiita kwa jina langu la utotoni halafu anafunga mlango. Nimeoa na nampenda mke wangu. Nimesoma sehemu kwamba huyo ni anima, yaani upande wa kike ndani ya mwanaume. Sasa namsomaje?"

Mkuu, mimi wangu nilianza kumwota nikiwa na miaka 41, na nilimsoma vibaya kwa karibu miezi miwili kabla sijaelewa, kwa hiyo nakusimulia yote pamoja na pale nilipokosea maana hapo ndo kuna faida.

Ndoto ya kwanza ilikuwa hivi. Niko ofisini napitia orodha ndefu za hesabu, nje mvua kubwa, mwanamke amesimama dirishani amelowa chapachapa anagonga kioo. Namwangalia, namnyooshea kidole kwenye kibao cha saa za kazi kuonyesha kwamba tumefunga, narudi kwenye orodha zangu. Basi, imeisha. Wiki tatu baadaye yuko ndani, amekaa kwenye kiti changu, ana homa anatetemeka, na mimi nahangaika kutafuta fomu ya kumjazia. Fomu siipati, na naamka na hasira eti kwa sababu ya fomu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumtafuta mitaani. Kazini kulikuwa na dada mmoja amehamia idara ya jirani, mpole, anaongea taratibu, nikajiambia ndo huyu, nilionyeshwa mapema. Nikawa navizia muda wake wa mapumziko ili tukutane kwenye korido. Yaani mwili mzima ulikuwa unaniambia namjua huyu mtu tangu zamani. Kilichoniokoa ni zoezi nililopewa na mshauri niliyekuwa namwona kipindi hicho: chukua karatasi, upande mmoja andika unachokijua kweli juu ya huyo mtu, upande wa pili andika unachokihisi juu yake. Upande wa kujua nilipata vitu vinne, jina lake, idara yake, kwamba ana watoto wawili, na kwamba anakunywa chai bila sukari. Upande wa kuhisi karatasi ilijaa nikageuza nyuma. Sasa pengo hilo ndilo Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi aliyeleta hilo wazo la anima, alilokuwa analizungumzia: ukiona unahisi mengi kwa mtu unayemjua kidogo, sehemu kubwa ya hicho unachokiona kwake umemvisha wewe, ni mali yako iko kwake. Na yeye maskini hana habari.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabla hujatafsiri chochote, jiulize mtu wa kwenye ndoto ni nani kwako mchana. Jung alikuwa na njia mbili za kusoma. Kama uliyemwota ni mtu wako wa karibu, mkeo, dada yako, bosi wako, anza kwa kudhani ndoto inazungumzia huyo huyo na uhusiano wenu wa kweli. Kama humjui kabisa, au ni mtu asiye na uzito wowote kwenye maisha yako, basi msome kama kipande cha nafsi yako mwenyewe. Wa kwako humjui, wangu sikumjua, kwa hiyo wote wawili tuko kwenye njia ya pili. Na hapo hapo lile swali kama ndoto inasema kitu juu ya ndoa yako linashuka uzito, maana huyo mwanamke hagombei nafasi ya mkeo.

Jambo la pili, usikimbilie alama. Mimi nilivyoona maji na mvua nikaenda kusoma "maana ya maji ndotoni", nikapata maana kama kumi na tano na hakuna hata moja iliyonigusa. Mshauri akaniambia achana na maji, niambie alivaa nini. Nikasema sweta la njano lililopauka, kifungo cha pili kutoka juu hakipo. Akauliza sweta hilo umeliona wapi, nikanyamaza, aisee nilikaa kimya muda mrefu, maana lilikuwa sweta la dada yangu mkubwa. Alilivaa siku tuliyomzika baba, miezi saba kabla ya ndoto. Siku hiyo mimi ndo niliyesimamia kila kitu, michango, magari, orodha za wageni, sikutoa chozi. Dada alipoanza kulia kwa sauti kaburini nilimshika mkono nikamwambia jikaze, watu wanatuangalia.

Ukishajua hilo ndoto inafunguka yenyewe. Jung alisema ndoto kazi yake kubwa ni kusawazisha, inaleta kile ambacho mtu amekisahau kwa kuegemea mno upande wa pili. Mimi niliegemea orodha. Kilichobaki nje ya dirisha, kimelowa, ni kile kilio nilichomkataza dada na kujikataza mimi mwenyewe, na kilikuja kwa sura ya mwanamke kwa sababu tangu mtoto nilifundishwa kwamba kulia ni mambo ya wanawake. Hapo ndo ujue kwa nini anima ya kila mtu ina sura yake. Inaokota kile ulichokitupa kwa kusema "hiki sio cha mwanaume". Mwingine ametupa uchokozi wa kutaniana, mwingine ametupa muziki, kwa hiyo mwanamke wake hatafanana na wangu hata kidogo.

Kuna kitu naona wengi wanakiruka: wanamwangalia yule mwanamke tu, hawajiangalii wao ndani ya ndoto. Soma ndoto kama mchezo wa jukwaani, Jung mwenyewe ndivyo alivyoigawa: mahali na wahusika, jambo linavyokua, kilele, halafu linavyoishia. Halafu uliza mimi nimefanya nini pale kwenye kilele? Nilimwonyesha kibao. Ndoto ya pili nilitafuta fomu. Jibu lilikuwa lile lile mara mbili, ila yeye hali yake ilibadilika, kutoka kulowa nje hadi kuumwa ndani, kwenye kiti changu. Mabadiliko ya hali yake kutoka ndoto moja kwenda nyingine ndo yanakueleza unaelekea wapi, kuliko ndoto moja peke yake. Akizidi kuumwa, akizidi kukasirika, akianza kukufukuza, maana yake bado unamkatalia. Ndo maana nasisitiza daftari na tarehe, na andika kabla hujaongea na mtu, kwa sababu ukishasimulia mara moja unaanza kuipamba.

Baada ya hapo nilijaribu kuongea naye nikiwa macho, hii Jung aliifanya sana kuanzia 1913 kwenye kile kipindi chake kigumu. Unakaa kimya, unairudisha picha ya mwisho ya ndoto, unamuuliza swali, unaandika kinachokuja. Kipimo changu cha kujua kama ni yeye au najidanganya ni kimoja: jibu linanishangaza au halinishangazi? Siku ya kwanza alinijibu kwa busara tamu tamu, sentensi ambazo ningeziandika mwenyewe, nikazifuta. Siku ya nne nilimuuliza unataka nini, jibu likawa "uzime taa". Sikuelewa, nilikasirika kabisa. Ila usiku ule nilizima taa nikakaa sebuleni gizani, na nusu saa baadaye nililia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Sasa hatari yake. Baada ya tukio lile nilimwamini kwa kila kitu, na wiki iliyofuata akasema niache kazi, na mimi nilikuwa tayari naandika barua. Hapa kisa cha Jung mwenyewe kinafaa. Alikuwa anaandika ndoto na maono yake akajiuliza hiki ninachofanya ni nini hasa, sauti ya kike ndani yake ikamjibu kwamba ni sanaa. Aliitambua sauti ile, ilifanana na ya mgonjwa wake mmoja. Akaikatalia, akasema hapana sio sanaa, ila hakuifukuza, aliendelea kuzungumza nayo. Baadaye aliona kwamba angeiamini angejiona msanii asiyeeleweka na asingewajibika kwa kile alichokiona. Kwa hiyo ni mtu wa kusikilizwa na kujibizana naye, sio wa kutii. Barua niliichana. Pale ambapo huyo wangu alikuwa sahihi ni kwamba nilikuwa nafanya kazi hadi saa nne usiku ili nisirudi nyumbani kukaa kimya, na hilo ndo nililibadilisha.

Na utajuaje mchana kwamba amekushika wewe badala ya wewe kumsikiliza? Kwa mwanaume mara nyingi ni kununa. Unanuna siku mbili, ukiulizwa shida nini unasema hamna, na wewe mwenyewe hujui. Jung alikuwa na tabia ya kumuuliza yule wa ndani, hali ikimchafukia, unaona nini sasa hivi? Picha ikija, ule mchafuko unatulia. Mimi nimelijaribu hilo mara nyingi na kwangu linafanya kazi kuliko kutafuta sababu kwa akili.

Dada zetu mnaosoma hapa, kwa mwanamke huyo mtu wa ndani ni wa kiume, Jung alimwita animusi, na mkewe Emma aliandika vizuri juu yake. Mara nyingi hatokei mmoja, anakuja kama kundi la wanaume, kama baraza linalotoa hukumu, na mchana anasikika kama ile sauti inayosema "huwezi" au "siku zote uko hivi" bila ushahidi. Ila mimi kugawa kwamba hisia ni za wanawake na hoja ni za wanaume naona ni mambo ya zama zake. Wafuasi wake wa baadaye, James Hillman mmojawapo, walisema anima haiwahusu wanaume peke yao, na nakubaliana nao. Anza na ulichokitupa, jinsia ya sura itajieleza yenyewe.

Tahadhari moja naiweka wazi: kama hulali siku kadhaa, au sauti unaisikia mchana bila kuiita, au huna uhakika kipi kimetokea kweli na kipi ni ndoto, hayo mazungumzo ya kuandika usiyaguse kabisa, nenda kwa daktari wa akili kwanza.

Turudi kwako mkuu. Ningekuwa wewe ningeanza na jina. Nani alikuwa anakuita hivyo, na lilikoma lini, nani alilikomesha? Usitafute maana ya mlango, tafuta mlango wenyewe, ni wa nyumba ipi, wa mbao au wa bati, kitasa kiko upande gani. Hujatuambia akiufunga wewe unabaki ndani au nje, na hujatuambia kama umewahi kuitika. Rudi na hayo mawili, pamoja na mpangilio wa hizo ndoto tatu kwa tarehe kama unazikumbuka, tuangalie kama mlango unafungwa kwa namna ile ile kila mara.