Dirisha lilivunjwa, au ghala?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani wa ghala la kahawa hapa Moshi. Niliandika ripoti ya magunia yaliyolowana, meneja akanipigia simu kuuliza kama polisi wameshafika. Hakuna mwizi aliyeingia! Ripoti zangu nyingi hurudi zikiwa zimeandikwa "haieleweki". Nimekosea wapi, na niikague vipi kabla ya kuituma? Aya yenyewe ni hii:*

*"Wiki iliyopita zoezi la ukaguzi wa ghala lilifanyika ambapo ilibainika kuwepo kwa changamoto ya unyevu katika baadhi ya magunia ya kahawa ambayo yalikuwa karibu na dirisha la ghala ambalo lilivunjwa na hivyo kupelekea kahawa kulowana kwa kiasi fulani ambapo hatua stahiki zilichukuliwa kwa wakati na suala hilo linaendelea kufuatiliwa kwa karibu na wahusika."*

Marahaba, mwanangu. Meneja wako hakukosea kusoma. Tazama maneno haya peke yake: "dirisha la ghala ambalo lilivunjwa". Dirisha liko katika ngeli ya LI-YA, na ghala nalo umeliweka humo humo. "Ambalo lilivunjwa" linaweza kushika lolote kati ya hayo mawili, na sarufi haimkatazi msomaji kuchagua. Sasa jiulize mwenyewe: mtu akikwambia ghala limevunjwa, unafikiria mvua? Unafikiria wezi.

Huo ndio ubaya wa sentensi ndefu katika Kiswahili, na ni tofauti kidogo na tunavyofundishwa shuleni, kwamba sentensi ndefu "inachosha". Kiambishi cha ngeli ndicho kinachotuonyesha nani anasemwa. Sentensi ikiwa fupi, kiambishi kina jina moja tu la kushika. Ikirefuka, majina ya ngeli moja yanarundikana na kiambishi kinakosa mwenyewe. Katika aya yako kuna zoezi, ghala, dirisha na suala, yote manne ya LI-YA, halafu kuna "lilifanyika", "lilivunjwa" na "linaendelea". Wewe ulikuwapo, kwa hiyo kila "li" unaijua ni ya nani. Meneja hakuwapo.

Maofisini hatari hii ni kubwa zaidi katika ngeli ya I-ZI, kwa sababu ndiko yanakoingia maneno mengi ya kazi: ripoti, mashine, pampu, kamati, ofisi, bajeti. "Pampu ya mashine iliyoharibika" ni kipi kimeharibika? Fundi atakayetumwa na kifaa kisicho sahihi atarudi mikono mitupu. Andika "Pampu imeharibika. Ni ile ya mashine ya kukobolea." Umetumia sentensi mbili, lakini hakuna wa kukupigia simu.

Kosa la pili limo ndani ya kitenzi hicho hicho. "Kuvunjwa" ni kauli ya kutendwa: hata usipomtaja mtu, msomaji anajua yupo aliyevunja. "Kuvunjika" ni kauli ya kutendeka: inaeleza hali ya kitu, basi. Nilipokuuliza ukanijibu kwamba hakuna aliyeona kioo kikivunjika, ila usiku ule kulikuwa na upepo na mvua ya vuli. Basi neno la haki ni "kimevunjika". Katika ripoti ya kazi herufi hizi chache ni nzito sana. Ukiandika "kufuli limevunjwa" kuhusu kufuli lililokatika kwa kutu, mlinzi wa zamu ataitwa kujieleza kwa jambo ambalo halikutendwa na mtu. Kinyume chake ni kibaya vilevile: ukijua kwamba dereva aligonga lango kwa lori, usiandike "lango limepinda".

Tuje kwenye "ambapo". Umeitumia mara mbili, na mara zote mbili haielezi mahali wala hali; imewekwa kama gundi ya kuunganisha habari moja na nyingine. Ukiikuta imekaa hivyo, mahali pake panahitaji nukta. "Kupelekea" nayo nakuomba uiache ifanye kazi yake ya kumpelekea mtu kitu. Kwa sababu na matokeo tunayo "kusababisha", au kwa urahisi zaidi "kwa hiyo" na "kwa sababu".

Yabaki maneno ya ukungu. Nayaita hivyo kwa kuwa si maneno mabaya, yanafunika tu. "Zoezi la ukaguzi lilifanyika" ni "tulikagua". Tazama jinsi kitenzi kimoja kilivyorudisha watu ndani ya habari. Katika aya yako, ukiacha "iliyopita", kuna vitenzi sita vyenye viambishi vya ngeli, na hakuna hata kimoja chenye mtu anayetenda. "Changamoto ya unyevu" ni unyevu. Neno changamoto siku hizi limebeba kila kitu, uhaba, uchakavu, wizi na uzembe, hata msomaji hajui atume fundi au mkaguzi. "Baadhi" inadai kuulizwa ngapi. "Kwa kiasi fulani" inadai kipimo. "Kwa wakati" inadai siku. "Hatua stahiki" inadai kitendo, na "wahusika" wanadai vyeo.

Nilikuuliza hayo, ukayajibu yote bila kusitasita: magunia 14 kati ya 220, kahawa ya maganda, kipimo kilisoma unyevu wa asilimia 17, magunia yalihamishwa siku ile ile na kahawa ikaanikwa upya. Yaani habari zote ulikuwa nazo kichwani. Kwa mtu wa kahawa, hiyo 17 peke yake inasema kuliko aya nzima, maana kahawa ya maganda iliyokauka vizuri huwekwa ghalani ikiwa na asilimia 10 hadi 12 hivi. Msomaji anajua papo hapo kwamba kuna hatari ya kuota kuvu, na kwamba kuianika upya ilikuwa kazi ya lazima.

Aya yako, kwa maelezo uliyonipa, ningeiandika hivi:

"Jumanne, 12 Novemba, saa 3:00 asubuhi, mimi na mlinzi wa zamu tulikagua ghala namba 2. Tulikuta magunia 14 ya kahawa ya maganda, kati ya 220, yamelowana. Yote yalikuwa chini ya dirisha la mashariki. Kioo cha dirisha hilo kimevunjika, na mvua ya usiku iliingilia hapo. Hakuna aliyeona kilivyovunjika. Hakuna kilichoibwa. Kahawa hiyo ilikuwa na unyevu wa asilimia 17, kwa hiyo tuliihamisha na kuianika upya siku hiyo hiyo. Dirisha tumeliziba kwa turubai. Fundi wa vioo bado hajaja. Msimamizi wa ghala ataniarifu kuhusu kazi ya fundi huyo kabla ya Ijumaa, 15 Novemba."

Utaona haikufupika; kwa jumla imerefuka. Kukata sentensi si lazima kupunguze maneno. Ukungu ulioondoka umeacha nafasi, na ukweli umeijaza. Tazama pia "kioo kimevunjika". Kioo ni ngeli ya KI-VI, dirisha ni LI-YA, kwa hiyo "ki" haiwezi kushika kingine. Mara nyingi dawa ya utata ni kutafuta jina sahihi zaidi la kitu, nalo likaleta ngeli yake.

Nimeacha "kwa hiyo" makusudi. Wengi wakiambiwa wakate, hukata hadi viunganishi vya sababu, ikabaki "Unyevu ulikuwa asilimia 17. Tuliihamisha kahawa." Msomaji anabaki kuunga mwenyewe. Chembechembe zinazosema kwa nini zibaki, hata zikirefusha sentensi.

Kuhusu kuikagua. Usiikague ukiwa bado una joto la kuandika. Kanywe chai kwanza, kisha ichape kwenye karatasi na uisome kwa sauti ya kusikika. Usihesabu maneno. Hesabu ya maneno 20 au 25 kwa sentensi haitufai sana, kwa kuwa neno letu moja kama "hawatatuletea" ni sentensi kamili. Hesabu vitenzi: kila kitenzi chenye kiambishi cha mtu au cha ngeli, kipigie mstari kwa penseli. Vikizidi vitatu katika sentensi moja, tafuta pa kuweka nukta. Hiki ni kipimo changu mwenyewe cha miaka mingi ya kusahihisha, si sheria ya sarufi, na sentensi ya vitenzi vinne iliyonyooka waweza kuiacha.

Kisha rudi kwenye kompyuta, bonyeza `Ctrl+F` na uandike nafasi moja ikifuatwa na `amba`. Bila ile nafasi utaletewa "kwamba" na "kitambaa" pia. Kila "ambayo", "ambalo" na "ambao" itakayotokea, rudi nyuma uhesabu majina yanayoweza kuishika. Yakiwa mawili, andika upya. Kwa njia hiyo hiyo, ila bila ile nafasi, tafuta `zoezi`, `changamoto`, `suala`, `baadhi`, `stahiki` na `husika`. Kila moja iulize swali lake: nini, ngapi, lini, nani. Kama jibu unalo, liweke. Kama huna, sema huna: "hatujapima unyevu, kipimo kiko Arusha" ni sentensi safi kabisa, na mkubwa wako anaweza kuifanyia kazi. Ukurasa mmoja unakwisha kwa robo saa.

Saa nayo uitazame. Umeniambia kamera ya lango huonyesha 09:00 kwa ile saa 3:00 asubuhi yenu. Ukichanganya mitindo miwili katika ripoti moja, "3:00" itasomwa na mwingine kuwa saa tisa. Chagua mmoja, na ukiandika kwa saa ya Kiswahili usiache "asubuhi" au "usiku".

Najua hofu iliyo nyuma ya "ilibainika" na "wahusika". Kumwandikia mkubwa "msimamizi hajafanya" kunaonekana kama kukosa adabu. Heshima iweke kwenye salamu ya mwanzo na katika kumpa kila mtu cheo chake. Ukitaja lililofanyika kwa jina la aliyelifanya, lililobaki nalo unaweza kulitaja bila ukali, kama hapo juu: "fundi bado hajaja".

Mwisho mpe mwenzako ambaye hakuwa ghalani, labda wa mizani au wa ofisi ya malipo. Aisome mara moja, airudishe, kisha akusimulie kilichotokea. Usimsaidie. Akisema jambo ambalo halikutokea, usimwambie amesoma vibaya. Muulize ni neno gani lililompeleka huko, ulipigie mstari.