Sisimizi kwenye chungu cha waridi

*Waridi langu la kwenye chungu limejaa sisimizi, wametoa vichuguu vya udongo juu. Majani yananyauka ingawa namwagilia kila siku. Jirani kaniambia nimwagie mafuta ya taa. Nitawatoaje bila kuua mizizi?*

Dada, usimwage mafuta ya taa. Ushauri huo unazunguka kila mtaa na umeua maua mengi kuliko sisimizi wenyewe. Mafuta hupenya ngozi laini ya vinyweleo vya mizizi na kuviunguza, kisha hugandamana na udongo hata maji yakawa yanateleza juu bila kuingia. Sisimizi wa juu watakufa kweli, ila malkia aliye chini hupona, na waridi hukauka kuanzia ncha za matawi.

Watu wengi hudhani sisimizi wanakula mizizi. Hawaili. Wamehamia humo kwa sababu udongo ni mkavu na mlegevu, na kunyauka kunatokana na njia walizochimba. Mwaga lita moja ya maji uone: yakitoka matunduni papo hapo na chungu kikabaki chepesi, maji yako yanapita kwenye njia hizo tu, mizizi haiyapati.

Dawa ya hilo ni maji yenyewe. Jioni, weka chungu ndani ya ndoo kubwa, juu ya mawe mawili. Jaza maji polepole hadi yafunike udongo kwa upana wa kidole, yakiwa na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa kila lita 10. Usitumie sabuni ya unga, ina chumvi inayochoma mizizi. Egemeza kijiti kwenye udongo. Mapovu yatapanda, kisha sisimizi watakimbilia kijitini wakiwa wamebeba watoto wao weupe. Wakung'utie kwenye bakuli la maji ya sabuni. Baada ya nusu saa toa chungu, kichuruzike, kisha pitisha maji safi. Usikilaze majini usiku kucha, mizizi itakosa hewa.

Rudia baada ya siku tatu. Wakiendelea kuonekana, malkia bado yumo: toa mmea, osha mizizi, badilisha udongo. Hapo angalia kama kuna vijidudu vyenye unga mweupe kama pamba. Hao ni vidung'ata. Wao ndio wanaonyonya mizizi, na sisimizi huwalinda ili walambe utamu wanaoutoa.

Kinachonikera zaidi ni zile chupa za maji ya kunywa zinazouzwa zikiwa na kimiminika cheupe, eti ni dawa ya wadudu wote. Hakuna lebo, hakuna jina la sumu wala kipimo, wala namba ya usajili. Muuzaji hukuambia uweke “kifuniko kimoja”. Ukikosea kipimo utaunguza mizizi, na hutajua umeshika sumu gani mikononi. Usiimimine kwenye chungu chochote, na hasa kile chenye kotimiri au mchicha unaoupeleka jikoni.