Nukta au tripleti?

"Wakuu, kwaya yetu Mafinga tunapiga makofi ndefu-fupi ndani ya pigo moja, nota ya kwanza ina nukta. Mwalimu anasema tunapiga tripleti. Tofauti iko wapi?"

Dada, mguu ukanyage pigo, mdomo useme mji. Tripleti ni I-ri-nga, silabi tatu sawa kwa kila kanyago. Nukta yenu ni Ma-ka-mba-ko: kofi kwenye "Ma", nyamaza "ka-mba", kofi kwenye "ko". Mkipiga "I" na "nga", kofi fupi limewahi. Ndicho anachosikia mwalimu. Mmoja apige silabi zote nne polepole kwa kidole mezani. Kofi lenu fupi lisipogongana na "ko" yake, mmeteleza.

Kuna anayesema nukta huongeza nusu pigo; yuko sahihi kwa nota ya pigo moja tu. Huongeza nusu ya nota yenyewe. Nota mbili za sauti ileile zikiunganishwa kwa upinde, ya pili haipigwi kofi.

— Sisi Tukuyu tukikimbia, Makambako inageuka Iringa yenyewe. Tufanyeje?

Punguzeni kasi kwanza. Ila kuna nyimbo waimbaji hulainisha hivyo makusudi, hapo muulizeni mwalimu wenu.