Nilipoketi na mpishi wetu mwenye miaka 16 kazini kuongea juu ya kazi yake

Kwenye mgahawa wetu hapa Bukavu, mama mpishi alitangulia kazini miaka mingi kabla yangu. Nilipopewa usimamizi, mara ya kwanza kumfanyia tathmini ya mwaka nilimsomea karatasi ya Kifaransa yenye alama kuanzia 1 hadi 5. Alinisikiliza, akauliza jambo moja tu: "Mwana wangu, unataka kunifukuza?" Sikumjibu vizuri, na kwa wiki nzima alipika akiwa kimya.

Mwaka uliofuata nilianza na kaye badala ya karatasi. Malalamiko yalikuwa mawili: chakula cha mchana kinachelewa, na vipande vya nyama havilingani. Kwa siku 12 za kazi niliandika saa nyama ilipofika jikoni, saa sahani ya kwanza ilipotoka, na idadi ya vipande vilivyotoka katika kilo 5 za nyama ya ng'ombe yenye mifupa.

Kaye ile ilinifundisha kabla haijamfundisha yeye. Siku 9 chakula kilichelewa kupita saa sita na nusu. Katika siku 8 kati ya hizo, nyama ilifika baada ya saa nne, kwa sababu pesa ya soko ilikuwa inatolewa asubuhi, watu wakiwa tayari wanashuka soko la Kadutu. Nyama ile inahitaji saa mbili na zaidi juu ya mbabula. Hakuna mpishi anayeweza kuiharakisha. Siku moja tu ndiyo ilikuwa yake: nyama ilifika mapema, ila maharage hayakulowekwa usiku, yakakalia moto hadi mchana. Kama ningempa lengo la "sahani ya kwanza saa sita" bila kugusa saa ya pesa, ningekuwa ninampima kwa kosa langu.

Vipande vilikuwa jambo jingine. Siku moja kilo 5 zilitoa vipande 27, siku nyingine 41. Hapo kisu kilikuwa mkononi mwake, na ilikuwa lazima nimwambie.

Tuliketi saa tisa, wateja wameisha, nje ya jikoni, mbali na vijana anaowafundisha. Mtu wa umri wake ukimkosoa mbele yao, umemvunjia heshima ambayo kesho ataihitaji kuwaongoza. Neno la kwanza nililosema ni: "Mama, kazi yako iko. Leo tunaangalia namna ya kuifanya." Usipoondoa woga huo mwanzoni, yote utakayosema yatasikika kama barua ya kufukuzwa.

Kisha nikaanza na la kwangu: pesa ya soko itatoka jioni. Baada ya hapo nikasema la kwake, bila kulizungusha: "Jumanne vipande 27, Ijumaa 41. Mteja wa Ijumaa alilipa bei ileile." Sikusema "siku hizi hauko makini," maana neno kama hilo mtu hana namna ya kulijibu. Namba ana namna. Na alijibu: "Siku ya mifupa mingi, nikikata sawasawa mtu anapata mufupa mtupu. Nikimwongezea, ninapunguza hesabu."

Alikuwa na haki, lakini nusu. Mifupa haielezi tofauti ya vipande 14, na nilimwambia hivyo. Tulileta mizani ya jikoni. Karatasi yangu ilidai vipande 40, yaani gramu 125 kila kimoja kikiwa kibichi. Alikata, tukapima, na kwa nyama ya siku ile vipande 6 vilikuwa mifupa karibu mitupu. Tukakubaliana hivi: 36 ndiyo hesabu, ikishuka hadi 34 si kosa, na mifupa ile inaenda kwenye mchuzi. Kila asubuhi anapima vipande vitatu vya kwanza ili jicho lizoee, vinavyobaki anakata kwa mkono wake. Kuhusu muda: nyama ikifika kabla ya saa mbili na nusu, sahani ya kwanza inatoka saa sita. Ikichelewa, siku hiyo haihesabiwi juu yake.

Kwa kuwa hasomi Kifaransa, niliandika yote kwa Kiswahili, mistari minne, nikamsomea mara mbili, naye akanirudia kwa maneno yake. Hapo ndipo niligundua alielewa kwamba 36 ni kwa kilo zozote zinazokuja, hata zikija 4. Tukarekebisha: kwa kilo 4 ni vipande 29.

Sikungoja mwaka. Kila Jumamosi tunafungua kaye dakika kumi. Wiki ya tatu vilitoka 31, na kabla sijafungua mdomo alinionyesha mfupa wa goti aliouweka pembeni juu ya mizani: gramu 600. Wiki hiyo nilienda mimi kuongea na muuza nyama.