Kiti cha dirishani chenye droo: usiiamini kona ya ukuta

"Wakuu, sebuleni kwangu Lindi kuna kishubaka cha dirisha kimeingia ndani kama nusu mita, hakina kazi. Nataka niweke kiti chenye droo chini. Fundi anasema apigilie mbao ukutani moja kwa moja. Ni sawa?"

Mkuu, mwambie asipigilie. Nilijitengenezea kiti kama hicho nyumbani Mtwara, na kazi yote imesimama juu ya jambo moja: kuta zetu hazijanyooka, droo nazo zinataka mraba kamili. Reli za droo zikifuata ukuta, hazitakwenda sambamba.

Pima upana sehemu tatu, nyuma, katikati na mbele. Kwangu nyuma palikuwa sm 148, mbele sm 151. Nikachukua kipimo kidogo, nikakipunguza tena, nikatengeneza boksi linalojitegemea lenye upana wa sm 146. Mianya ya pembeni huzibwa na listi ya ubao inayopigiliwa kwenye boksi, siyo ukutani. Wageni hawaoni kitu.

Hesabu ya droo mbili iko hivi. Plaiwudi ya mm 18 pande mbili na kizuizi cha katikati zinakula sm 5.4, zinabaki 140.6, yaani sm 70.3 kwa kila droo. Reli za kawaida za kubeba pembeni zinataka takribani mm 13 kila upande, kwa hiyo droo yenyewe iwe sm 67.7. Kabla ya kufunga reli, pima ulalo wa kila nafasi kutoka kona hadi kona. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya mm 3, nyoosha boksi kwanza. Na droo ikiingia laini halafu ikakaza mwishoni, nafasi ya nyuma ni finyu kuliko ya mbele. Hapo usipige msasa droo, rekebisha boksi.

Kile kizuizi cha katikati usikiache, maana ndicho kinachobeba waliokaa. Bila hicho ubao wa juu unapinda na kuikandamiza droo.

Sasa hali ya hewa ya pwani. Mbao huvimba kwa upana wake, kwa urefu karibu hazisogei. Uso wa droo ukiwa ubao mzima wa mkongo au mninga, na unaufunga wakati wa kiangazi, acha mm 4 juu yake. Mvua za Januari zikija ubao utavimba kuelekea nafasi hiyo, na usipoiacha droo inaweza kukwama mpaka mwezi wa sita. Mgongo wa boksi uache sm 2 kutoka ukutani, utoboe matundu, la sivyo mashuka yatanuka ukungu.

Liinue boksi kwa miguu ya sm 7, uwe unamulika tochi chini mara kwa mara. Mchwa wakianza, vijia vya udongo utaviona kwenye miguu kabla hawajafika kwenye droo. Kimo cha boksi pamoja na miguu kiwe sm 38, juu yake sponji ngumu ya sm 10. Ukikaa inabonyea kidogo na miguu inafika chini vizuri. Pazia lako refu, likate liishie juu ya sponji.