Mchanga ukifika saiti usiusaini kwa macho

Nyie mnaoanza kusimamia saiti, mchanga ukishushwa msiangalie rangi tu halafu mkasaini dilivari. Mchanga wenye udongo unaweza kuonekana msafi kabisa ukiwa mkavu, na juu ya lundo ndo huwa safi zaidi. Chimbueni ndani, chukueni kidogo kidogo sehemu kama tano, changanyeni, hiyo ndo sampo.

Kipimo cha chupa hakina gharama. Tafuta chupa ya plastiki angavu iliyonyooka ubavu, changanya maji na chumvi ya jikoni, gramu 10 kwa lita. Tia mchanga mpaka karibu nusu, maji yazidi juu yake kidogo, funga tikisa sanaaa, gongagonga usawa ukae sawa, halafu iache masaa 3 bila kuigusa. Chumvi kazi yake kufanya chembe za udongo zishikane zishuke, maana kwenye maji matupu udongo unaelea hata usiku kucha na wewe ukisoma baada ya dakika 10 utadhani mchanga umefaulu kumbe uchafu wote bado uko juu kwenye maji.

Kisha rula. Tuseme mchanga umekaa milimita 90 na tabaka laini la juu yake ni milimita 11. 11 gawanya kwa 90 ni kama asilimia 12. Kikomo kinachotumika sana kwa kipimo hiki ni 8, kwa hiyo huo uoshwe au urudi na lori lake. Ukiwa kwenye 7 au 9 peleka maabara wauoshe kwenye chekeche la maikroni 75 wapime kwa uzito, chupa ni ya kuchuja tu haikupi jibu la mwisho.

Fundi atakwambia ongeza saruji. Hapana. Udongo unafunika chembe, saruji inashika udongo badala ya mchanga, na tena unakunywa maji, fundi anaongeza maji zege lilainike, hapo ndo nguvu inapotea. Vumbi la kokoto nalo ni hivyohivyo: suuza konzi moja kwenye ndoo nyeupe, maji yakiwa uji, piga kokoto zote maji kabla ya kuchanganya.

Chumvi sasa, hasa huku pwani, chupa haiioni (na ile ya jikoni umeitia mwenyewe, so tumia sampo nyingine). Loweka mchanga kwenye maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya betri, chuja, dondosha silva naitreti. Yakiwa meupe kama maziwa kuna kloraidi nyingi, peleka maabara wakupe kiasi. Zege lenyewe linaweza kufaulu kwenye kubonyezwa siku ya 28, ila nondo ndani zinaota kutu, zinavimba, na nguzo inapasuka kufuata mstari wa nondo, miaka baadaye, mkandarasi ameshalipwa zamani.